Kasi, Kidatu na Muda: Usahihishaji wa Rekodi ya Mahojiano Inayocheza Haraka Kupita Kiasi

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi za fonetiki na za fasihi simulizi hutegemea rekodi ambazo zimepita katika mikono na mitambo kadhaa kabla ya kumfikia mchambuzi. Katika safari hiyo, baadhi ya rekodi huanza kucheza haraka kuliko msemaji alivyosema. Tofauti ikiwa kubwa, sikio huitambua mara moja, kwa kuwa mzee husikika kama kijana. Tofauti ikiwa chini ya asilimia kumi, msikilizaji asiyemfahamu msemaji huweza kuikubali rekodi hiyo kuwa ni sahihi, na kosa likaingia katika majedwali ya vipimo bila kuonekana.

Makala haya yanafafanua namna ya kusahihisha rekodi ya aina hiyo. Hoja yake ni kwamba rekodi yenye kasi kubwa huweza kuwa imebadilika kwa njia mbili tofauti, na kila njia ina tiba yake. Mchambuzi anayetumia tiba ya njia moja kwa kosa la njia nyingine hupata faili lenye urefu sahihi lakini lenye sauti isiyo ya msemaji wake.

2.0 Tofauti kati ya Mabadiliko ya Kasi, ya Kidatu na ya Muda

Sauti ya kidijiti ni mfululizo wa namba ziitwazo sampuli. Kichwa cha faili hubeba maelezo kuhusu sampuli ngapi zichezwe katika sekunde moja, yaani kiwango cha usampulishaji. Kiwango hicho kikiandikwa kikubwa kuliko kilichotumika wakati wa kurekodi, sampuli zilezile huchezwa kwa muda mfupi zaidi. Kila wimbi hubanwa kwa uwiano mmoja. Hivyo usemi hufupika, kidatu hupanda, na fomanti za irabu hupanda pia. Haya ni mabadiliko ya kasi, nayo hayatofautiani na kanda inayopitishwa haraka mbele ya kichwa cha kusomea.

Urefushaji au ufupishaji wa muda ni jambo jingine. Programu huikata sauti katika vipande vya makumi ya milisekunde, kisha huvipanga upya kwa kuvipishanisha zaidi au kidogo, ikitafuta mahali ambapo mawimbi ya vipande viwili yanalingana ili maungio yasisikike. Njia ya aina hii ilielezwa na Verhelst na Roelands mwaka 1993. Kwa kuwa wimbi lililo ndani ya kila kipande haliguswi, kidatu hubaki palepale, ilhali jumla ya muda hubadilika.

Ubadilishaji wa kidatu huziunganisha hatua hizo mbili. Muda hurefushwa au kufupishwa kwanza, kisha kasi hubadilishwa ili urefu wa awali urejee. Matokeo yake ni kidatu kipya katika muda uleule.

3.0 Mfano wa Rekodi

Tuchukue mahojiano ya dakika 30 yaliyorekodiwa ndani ya nyumba yenye umeme, kwa kinasasauti kilichowekwa katika kiwango cha 44,100. Faili lina sampuli 79,380,000. Baadaye faili lilihamishiwa katika mradi wa video wenye kiwango cha 48,000, na kichwa chake kikaandikwa upya bila sampuli zenyewe kugeuzwa. Tukigawa sampuli hizo kwa 48,000, tunapata sekunde 1,653.75, yaani dakika 27 na takribani sekunde 34. Uwiano wa kosa ni 48,000 kwa 44,100, ambao ni 1.0884. Kidatu kimepanda kwa takribani nusutoni moja na nusu.

Athari yake katika uchambuzi ni bayana. Msemaji wa kike mwenye kidatu cha wastani cha Hezi 200 hupimwa kuwa na Hezi 217.7. Irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, yenye milisekunde 120, hupimwa kuwa na milisekunde 110. Kasi ya usemi ya silabi 5 kwa sekunde huwa silabi 5.4. Ikiwa utafiti unalinganisha wazee na vijana, na rekodi za wazee pekee ndizo zilizopita katika mradi ule wa video, tofauti halisi ya vizazi huweza kufutika au kugeuzwa.

4.0 Utambuzi wa Aina ya Kosa

Urefu wa faili pekee hauwezi kueleza ni njia gani kati ya mbili iliyolifupisha. Kinahitajika kitu ndani ya rekodi ambacho marudio yake yanajulikana kwa hakika. Kwa rekodi zilizofanywa Tanzania au Kenya, kitu hicho mara nyingi ni mvumo wa umeme, kwa sababu umeme wa gridi katika nchi hizi una marudio ya Hezi 50.

Mchambuzi achague sehemu ambayo hakuna anayezungumza, yenye urefu wa takribani sekunde 10, kisha aangalie spektra yake. Urefu huo una umuhimu, kwani sekunde 1 hutenganisha marudio yanayopishana kwa takribani Hezi 1 tu, ilhali sekunde 10 hutenganisha yanayopishana kwa sehemu ya kumi ya Hezi. Katika mfano wetu, kilele kinaonekana kwenye Hezi 54.4 na kingine kwenye Hezi 108.8, badala ya 50 na 100. Tukigawa 54.4 kwa 50 tunapata 1.088, uwiano uleule uliopatikana kutokana na urefu wa faili. Ushahidi wa muda na ushahidi wa marudio umekubaliana. Kwa hiyo kosa ni la kasi.

Lau mvumo ungeonekana kwenye Hezi 50 kamili ilhali faili ni fupi, hitimisho lingekuwa kinyume: mtu au programu fulani ingekuwa imefupisha muda na kuacha kidatu kama kilivyo.

Tahadhari moja inahitajika kwa rekodi za kanda. Mvumo huweza kuingia wakati wa kurekodi, na mwingine ukaingia wakati wa kunakili kanda kwenda kwenye kompyuta. Kanda ikipitishwa haraka, mvumo wa kwanza hupanda lakini wa pili hubaki kwenye Hezi 50. Vilele viwili vilivyo karibu, kimoja kwenye 50 na kingine juu yake, ni dalili ya hali hiyo, na kinachopaswa kutumiwa kukokotoa uwiano ni kile kilichohama.

5.0 Usahihishaji wa Kosa la Kasi

Kwa kuwa sampuli hazijaguswa, tiba iliyo safi zaidi ni kurekebisha kichwa cha faili pekee. Katika programu ya SoX, amri ni hii:

```
sox -r 44100 asili.wav sahihi.wav
```

Katika Praat, kazi hiyohiyo hufanywa kwa amri ya Override sampling frequency iliyo katika menyu ya Modify. Hakuna sampuli inayoongezwa wala kuondolewa. Ikiwa hifadhi inadai kiwango cha 48,000, ugeuzaji wa kweli hufanywa baada ya hapo:

```
sox sahihi.wav -r 48000 hifadhi.wav
```

Nafasi ya -r katika amri hizi mbili ndiyo inayobeba maana. Ikitangulia faili la kuingiza, hutangaza kiwango ambacho sampuli zilirekodiwa nacho. Ikitangulia faili la kutoa, huagiza sampuli zikokotolewe upya. Kosa la mfano wetu lilitokana na kufanya tangazo mahali palipohitaji ukokotoaji.

Baada ya kusahihisha, vipimo viwili hurudiwa. Urefu unapaswa kuwa dakika 30, na kilele cha mvumo kinapaswa kuwa kwenye Hezi 50.

6.0 Kwa Nini Urefushaji wa Muda Hautoshi

Mchambuzi anayeona tu kwamba faili ni fupi huweza kushawishika kutumia amri ya tempo kwa uwiano wa 0.91875. Urefu utarudi kuwa dakika 30, na usemi utasikika kuwa wa mwendo wa kawaida. Hata hivyo, mvumo utabaki kwenye Hezi 54.4, kidatu kitabaki kwenye Hezi 217.7, na fomanti zitabaki juu kwa takribani asilimia 9. Irabu za msemaji huyo zitaonekana kama zimetolewa na mtu mwenye mkondo wa sauti mfupi zaidi.

Kuongeza hatua ya kushusha kidatu kwa nusutoni 1.47 hukaribia kurejesha wastani wa vipimo, lakini kwa gharama. Mlipuko wa konsonanti kama /p/, /t/ na /k/ huchukua milisekunde chache tu. Ukiangukia kwenye maungio ya vipande, huweza kurudiwa au kufifia, na kipimo cha muda kati ya mlipuko na mwanzo wa mtetemo wa nyuzi za sauti hakiaminiki tena. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu huhifadhi fomanti zinapobadilisha kidatu. Sifa hiyo hupendwa na wanamuziki, lakini hapa ingeziacha fomanti zikiwa na makosa huku kidatu kikiwa sahihi, na mgongano huo ni mgumu kuugundua baadaye.

7.0 Mipaka ya Mbinu

Kosa likiwa la ufupishaji wa muda, hakuna amri inayolirejesha faili katika hali yake. Katika dakika 30 zilizofupishwa kwa uwiano wa mfano wetu, jumla ya takribani dakika 2 na sekunde 26 za sauti zimeondolewa, nazo ziliondolewa kwa vipande ambavyo programu ilivichagua. Urefushaji utarudisha jumla ya muda, lakini hautarudisha urefu wa irabu mojamoja. Rekodi hiyo inaweza kutumika kwa unukuzi wa maudhui na, kwa uangalifu, kwa wastani wa kidatu. Haifai kwa vipimo vya muda.

Vilevile, mvumo wa umeme hautumiki pale kinasasauti kilipoendeshwa kwa betri mbali na nyaya za umeme. Hapo hutafutwa rejeleo jingine. Milio ya saa ya redio ya BBC, iwapo imenaswa nyuma ya mazungumzo, hufaa sana, kwa kuwa ina marudio ya Hezi 1,000 na huanza kila baada ya sekunde moja, hivyo hupima kidatu na muda kwa pamoja. Aidha, marudio ya gridi hupanda na kushuka kidogo siku nzima. Uwiano wa 1.088 hauwezi kuelezwa na mabadiliko hayo, lakini kosa la chini ya asilimia moja haliwezi kuthibitishwa kwa mvumo pekee.

8.0 Hitimisho

Rekodi inayocheza haraka inadai maswali mawili kabla ya amri yoyote: je, muda umefupika kwa uwiano gani, na je, marudio yamepanda kwa uwiano huohuo? Majibu yakilingana, kasi irekebishwe kwenye kichwa cha faili. Marudio yakiwa hayakuhama, nakala ya awali itafutwe, na vipimo vya muda visichukuliwe kutoka faili hilo. Katika hali zote mbili, sura ya mbinu ioneshe uwiano uliopatikana, rejeleo lililotumika na amri iliyotekelezwa, ili mtahini aweze kurudia ukaguzi huo kwa faili lilelile.