Ada ya Mwaka kwenye Kadi ya Mkopo

Baadhi ya benki za Kenya humpa mteja mpya kadi ya mkopo bila ada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ada huingia yenyewe, kwa kawaida katika mwezi ule kadi ilipotolewa, wala si Januari. Itafute kwenye taarifa ya mwezi huo, kati ya manunuzi yako: mstari mmoja wa ada, na mara nyingi mwingine wa ushuru wa serikali. Kadi ya ziada ya mwenzi wako huweza kuwa na ada yake.

Tuseme kadi ilitolewa Machi, ada ni shilingi 4,000, na mkataba unasema itasamehewa ukinunua vitu vya shilingi 300,000 kwa mwaka. Hesabu huanza Machi hadi Machi. Umefikisha 310,000, lakini 20,000 kati yake ni pesa ulizotoa kwenye ATM, ambazo kwa kawaida hazihesabiwi. Umebaki na 290,000, na ada inakuja.

Hapo bado unaweza kuomba. Andika barua pepe kabla ya ada kukatwa, au mara uionapo: taja matumizi yako, malipo uliyofanya kwa wakati, na kwamba unafikiria kuifunga kadi. Omba ada irudishwe pamoja na ushuru wake, na udai namba ya ombi. Wakikataa, uliza kuhusu nusu ya ada au kadi nafuu zaidi.

Usizuie malipo ukingoja jibu. Ada isiyolipwa huanza kutozwa riba kama deni lingine lolote.