Bibi Ajifunza Kutoa Pensheni Yake

Kadi ya benki ya bibi mmoja wa Morogoro, mwalimu mstaafu, ilizoea kutembea bila mwenyewe. Pensheni ikiingia, jirani hutumwa na kadi pamoja na kikaratasi chenye namba ya siri. Pesa zilifika, risiti hazikufika. Mjukuu wake alipokuja likizo kutoka chuoni, kazi ya kwanza ilikuwa kukichana kile kikaratasi.

"Leo unatoa mwenyewe, Bibi."

Walikwenda asubuhi, siku ya kazi, ili kadi ikimezwa kuwe na mtu wa kuuliza ndani ya tawi. Walianza kwa kubadili namba ya siri palepale kwenye ATM. Mjukuu akageuka, akampa mgongo.

"Mume wangu, mbona unanikimbia?" bibi akamtania.

"Hata mimi sitakiwi kuijua. Ila usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Umo kwenye kitambulisho, na kitambulisho kinakaa pochi moja na kadi."

Bibi akaomba 500,000, mashine ikagoma. Salio lilikuwepo, sema mashine nyingi hutoa noti 40 tu kwa mkupuo, na noti yetu kubwa ni ya 10,000. Ikabidi atoe 400,000, kisha 100,000, na makato yakakatwa mara mbili. Kilichomshangaza zaidi ni kadi kutoka kabla ya pesa. Imepangwa hivyo makusudi, kwa sababu mtu akishashika noti huondoka na kusahau kadi. Lakini nayo haingoji: ukichelewa kuivuta, mashine huirudisha ndani na kuimeza.

Aplikesheni ya benki waliiwekea namba nyingine ya siri, ili anayeijua moja asifungue vyote. Zoezi lilikuwa kumlipa fundi bomba 20,000. Bibi akaandika namba ya simu, kidole kikateleza kwenye tarakimu moja, na kwenye kioo likatokea jina la mwanamke asiyemjua.

"Fundi wako ndiye huyu?"

"Fundi wangu ana ndevu!"

Akafuta, akaanza upya. Hapo kwenye jina ndipo pa kusimama, maana ukishathibitisha pesa huondoka mara moja, na benki haiwezi kujua kwamba ulimkusudia mwingine.

Jioni simu ikalia kwa ujumbe usio na jina: ile hela tuma kwenye namba hii. Matapeli huutuma kwa watu wengi wakitumaini kumwangukia mwenye deni, na siku hiyo ujumbe ulimkuta bibi ambaye kweli alikuwa bado anadaiwa na muuza mkaa. Hakuujibu. Alimpigia muuza mkaa kwa namba yake ya zamani, naye akasema hajatuma chochote.

Ikitokea umeshatuma kwa asiyehusika, piga simu benki dakika hiyohiyo, ukiwa na namba ya muamala. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea, kuna uwezekano wa kuzizuia. Akishazitoa, kuzipata tena ni kazi ngumu.