Dakika tatu za kufungua warsha Songwa

Ratiba nyingi za warsha mikoani huanza kwa mstari uleule: saa 3:00 asubuhi, ufunguzi. Mada ya kwanza huandikwa saa 3:15, lakini mwezeshaji husimama saa 4:30, na kinachokatwa ni majadiliano ya vikundi ya mchana. Yaani waliokuja kusema ndio wanaonyang'anywa muda, ili waliokuja kufungua wamalize kusema.

Hotuba ya ufunguzi inaweza kukamilika kwa dakika tatu bila kumvunjia mtu heshima. Nitaonyesha inavyoandikwa kwa kutumia mfano. Tuseme warsha ya siku moja imeandaliwa katika kata ya Songwa, wilaya ya Kishapu, si mbali na mgodi wa almasi wa Mwadui. Washiriki ni wachimbaji wadogo wa dhahabu na wachenjuaji kutoka Shinyanga na Geita, na mada ni zebaki. Mgeni rasmi ni Katibu Tawala wa Mkoa. Anayemwandikia ni afisa mmoja ofisini kwake, pengine afisa habari, na makala haya yanamlenga huyo zaidi kuliko bosi wake.

Aanze na hesabu. Mtu anayesoma Kiswahili kwa utulivu mbele ya ukumbi, akiinua macho na kuacha watu waitikie salamu, husoma maneno yapatayo 100 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu. "Tutakapowakabidhi" ni neno moja. Dakika tatu basi ni maneno 300, na mwandishi mwangalifu ataishia 250, kwa sababu hakuna kiongozi wa Kitanzania anayesimama asiongeze mawili matatu ya nje ya karatasi. Nafasi hiyo iachwe makusudi. Asiyeiacha ataona kiongozi anaongeza na bado anasoma yote yaliyoandikwa.

Mlaji mkubwa wa muda ni itifaki. Jaribu kusoma kwa sauti: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Katibu Tawala wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Wajumbe wa Kamati ya Usalama, Afisa Madini Mkazi, viongozi wa dini, wadau wa maendeleo, waandishi wa habari, mabibi na mabwana. Ukiwataja na majina yao, dakika ya kwanza imekwisha. Kisha kuna desturi ya kuanza kila aya kwa kumwita upya mkubwa wa ukumbi, maneno hayo yakiwa yamekolezwa wino kwenye karatasi. Hotuba yenye aya kumi inamwita mara kumi, naye amekaa pale pale mbele.

Dawa tunayo siku nyingi: "itifaki imezingatiwa." Tatizo ni kwamba wengi huisema baada ya kumaliza orodha yote. Itumike mapema. Mtaje mwenyeji kwa cheo chake, mtaje mwenye dhamana ya mada, wataje wachimbaji kwa sababu ndio wenye siku, kisha funga. Anayechukia ni yule anayeona wa ngazi yake ametajwa naye ameachwa. Kwa hiyo chagua ngazi ya kuishia, na usiruke mtu ndani yake.

Sehemu ya pili ni lengo, na hapo ndipo hotuba nyingi huharibika. Mwandishi hujaza madhara ya zebaki, historia ya uchimbaji na mchango wa madini katika pato la taifa. Madhara atayaeleza mganga au mkemia aliyeandaliwa, tena kwa picha. Lengo la warsha ni kitu kitakachokuwa mkononi jioni, ambacho asubuhi hakikuwepo. Kama mwandishi hawezi kukitaja kwa sentensi moja, basi waandaaji wenyewe hawajakijua, na ni vyema wakaulizwa wiki moja kabla kuliko siku yenyewe.

Kwa zebaki kitu hicho kipo wazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu zichukue hatua za kukomesha njia mbaya zaidi, na miongoni mwake ni kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye moto wa wazi, na kuuchoma katika makazi ya watu. Serikali haiwezi kukomesha jambo ambalo haijui linafanyika uani kwa nani na kwa sababu gani. Wanaojua ni wenye makarasha na wenye mialo, nao hawatasema wakiwa na hofu.

Hapa ndipo ninapoona sababu hasa ya kumwita kiongozi mkubwa. Kukaribisha kunaweza kufanywa na Mtendaji wa Kata, na mshereheshaji anaweza kusoma ratiba. Lakini kuwaambia wachimbaji kwamba watakayoyasema hayatawageukia, hilo linahitaji mtu mwenye mamlaka. Nimeona warsha ambapo mgeni rasmi alitumia ufunguzi kuonya wasio na leseni. Kuanzia hapo hadi jioni kila aliyeulizwa kuhusu zebaki alisema hutumiwa na watu wa kijiji kingine.

Ahadi hiyo ina mipaka yake. Katibu Tawala hawezi kuahidi kwamba polisi au Tume ya Madini hawatafanya kazi yao. Sheria haimpi uwezo huo, na wachimbaji wanajua. Anachoweza kuahidi ni kile kilicho chini yake: nini kitaandikwa ndani ya ukumbi ule na nini hakitaandikwa. Na akubaliane na wenzake kabla ya kusimama, sio wakati wa chai.

Mwisho ni mambo ya utaratibu, ambayo wakubwa huyadharau na kuyaacha kwa mshereheshaji. Mengine yaachwe huko kweli, na milango na vyoo vitajwe kwa kupita tu. Lakini matatu yasemwe na kiongozi: saa ya kumaliza, simu, na nauli. Saa ya kumaliza akiitamka yeye, hakuna wa chini yake atakayeivuka kirahisi. Simu ina sababu yake katika ukanda huu. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata, Kahama, uliporomoka, na watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenye watu shimoni usimwambie azime simu. Mwambie aitoe sauti, na ikiita atoke nje apokee.

Kuhusu nauli, tuwe wakweli. Mtu aliyekopa pesa ya basi kutoka Geita hasikilizi mada mpaka ajue atalipwa saa ngapi, na nani, na kwa masharti gani. Ikitajwa asubuhi, minong'ono inaisha. Ikilipwa mchana, ukumbi unabaki na viti. Sharti la kusaini mahudhurio lisemwe mapema pia, kwa kuwa ugomvi wa jioni karibu wote ni wa jina lisiloonekana kwenye karatasi.

Hii basi ndiyo hotuba yenyewe, kama ningeiandika mimi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Kishapu, mwenyeji wetu, Ndugu Afisa Madini Mkazi, viongozi wa wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka! Karibuni Songwa. Najua wenzetu wa Geita mmeanza safari jana, na kila mmoja hapa ameacha kazi nyuma. Poleni, na ahsanteni kwa kufika.

"Tumekutana kwa jambo moja. Katika maeneo yetu bado dhahabu iliyoshikwa na zebaki inachomwa kwenye moto wa wazi, na mara nyingine jikoni, watoto wakiwa pembeni. Nchi yetu imeridhia mkataba unaotutaka tuikomeshe njia hiyo. Sisi wa ofisini hatujui vizuri inafanyika wapi na kwa nini. Ninyi mnajua. Kabla hatujatoka hapa leo, kila wilaya iwe na orodha ya maeneo ambako zebaki inachomwa majumbani, na kwa kila eneo jambo moja ambalo wachimbaji wenyewe wanaona linawezekana kufanyika ndani ya miezi sita.

"Nimekubaliana na Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na Afisa Madini: katika orodha hiyo litaandikwa eneo, halitaandikwa jina la mtu. Semeni mnayoyajua.

"Utaratibu. Tutamaliza saa 10 kamili alasiri. Milango ni miwili, wa mbele na huu wa kushoto kwangu. Ikitokea dharura tukutane pale kwenye mwarobaini. Vyoo viko nyuma ya ukumbi. Simu zitolewe sauti lakini zisizimwe. Mwenye dharura ya shimoni atoke apokee. Nauli italipwa saa 10 hapa hapa, kwa aliyesaini asubuhi na mchana, na wa Geita watatangulia. Mhasibu ni yule aliyekaa karibu na mlango.

"Baada ya kusema hayo, natamka kwamba warsha hii imefunguliwa. Wabeja sana."

Isome kwa saa mkononi. Ukienda taratibu, utaimaliza kabla dakika ya tatu haijaisha, na nafasi ya nje ya karatasi ipo. Angalia pia kilichoachwa: hakuna pongezi kwa waandaaji, hakuna takwimu, wala hakuna "ni matumaini yangu". Salamu ya Kisukuma na "wabeja" vimewekwa kwa sababu wengi ukumbini watavijibu kwa sauti, na ukumbi ulioitikia mara moja huwa umeamka.

Mwandishi akimaliza, kazi yake ya mwisho iko kwenye ratiba. Ahesabu mistari yenye neno "salamu": salamu za halmashauri, salamu za mfadhili, salamu za chama cha wachimbaji. Ikizidi miwili, hotuba ya dakika tatu haitasaidia kitu, kwa sababu mgeni rasmi atasimama watu wakiwa wamekwisha kuchoka. Aombe salamu hizo ziingizwe ndani ya mada au zisemwe wakati wa chakula. Kisha aichape hotuba kwa herufi kubwa, isizidi karatasi mbili, na aifikishe kwa kiongozi siku moja kabla, akimwonyesha kwa kidole aya ya ahadi na kumuuliza kama ataweza kuisimamia.

Akijibu kwamba hawezi, aya hiyo ifutwe, na warsha iahirishwe mpaka apatikane anayeweza. Wachimbaji wa Geita wasisafirishwe hadi Songwa kuja kusikia kwamba wamekaribishwa.