Geji Kwanza, Chepe Baadaye

Tuseme tangi liko mlimani, Lushoto, na kituo cha kuchotea maji kiko bondeni, meta 70 chini yake. Mtaro una urefu wa meta 600. Kabla ya kuuliza bei ya mabomba, piga hesabu ya usiku, koki zote zikiwa zimefungwa. Kila meta 10 za mteremko huongeza presha ya karibu baa 1 (si ile ya vinywaji), kwa hiyo bondeni bomba litabeba baa 7. Soma maandishi ubavuni mwake: PN6 limezidiwa, PN10 linatosha.

Sasa hesabu viungo, maana ndiko maji yanakotorokea. Bomba la plastiki ngumu, lile linaloungwa kwa gundi, huuzwa kwa vipande vya meta 6. Mtaro huu utakula vipande 100, yaani viungo 99 njiani. La chuma ni vivyo hivyo, tena udongo wenye unyevu huanza kulila kwenye nyuzi, pale zinki ilipokwanguliwa. Poli huja kwa rola. Rola sita za meta 100 zina viungo vitano tu, na bomba hujipinda lenyewe kufuata mtaro. Mimi hapa ningechukua poli, na chuma ningekiweka palipo na mwamba usiochimbika au kwenye kuvuka korongo, ambako bomba linabaki nje.

Lakini hata viungo vitano vyaweza kukutia hasara ukivifukia bila kuvipima. Funika bomba katikati kwa udongo ili lisirukeruke, viungo vyote vibaki wazi. Kama umeunga kwa gundi, ngoja siku nzima. Jaza maji taratibu kuanzia bondeni, valvu ya juu ikiwa wazi hadi hewa yote itoke. Usipime kwa hewa kamwe: plastiki ikipasuka na hewa ndani, vipande huruka kama risasi.

Funga valvu, kisha kwa pampu ya mkono pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi. Kwetu hapa ni baa 10.5, ikisomwa bondeni. Poli itakudanganya kidogo mwanzoni. Huvimba inapobanwa, geji ikashuka bila maji kuvuja popote. Iongezee maji kwa nusu saa ya kwanza, ndipo uiache.

Futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha tandika gazeti chini yake. Tone moja litaacha doa. Gazeti likiwa kavu na geji ikiendelea kushuka, chunguza valvu na vifuniko vya mwisho, au hewa iliyonaswa ndani.

Fundi akikuambia mtaro umeshafukiwa na kila kitu kiko sawa, mwombe akuonyeshe geji. Kama hana, afukue viungo kabla hujamlipa.