Kurasa tupu kwenye fomu za mkopo: dole gumba la mdhamini lisitupwe

Vyama vingi vya msingi vya ushirika, AMCOS, siku hizi hupeleka maombi ya mikopo ya pembejeo benki kwa njia ya kompyuta. Fomu za wanachama hupitishwa kwenye skana, zikaunganishwa kuwa faili moja na kutumwa kwa barua pepe. Kwa kuwa mdhamini huandika na kutia sahihi nyuma ya fomu, karani hulazimika kuskani pande zote mbili za kila karatasi. Tatizo ni kwamba wanachama wengi hawahitaji mdhamini, hivyo migongo ya fomu zao ni mitupu, na faili hujaa kurasa nyeupe.

Tuchukue mfano wa chama chenye fomu 180. Zikiskaniwa pande mbili tunapata kurasa 360. Tuseme fomu 49 tu ndizo zenye maandishi nyuma. Kurasa 131 zilizobaki ni tupu, na iwapo benki itachapisha kila kitu kwa shilingi 100 kwa ukurasa, shilingi 13,100 zitatumika kuchapisha weupe. Ofisa mikopo naye atafungua kurasa hizo moja moja akitafuta wadhamini. Ni halali karani kutaka kompyuta iziondoe yenyewe. Hata hivyo, asitegemee kwamba faili litapungua uzito kwa zaidi ya theluthi, kwani ukurasa mtupu kwa kawaida ni mwepesi kuliko ulioandikwa.

Kompyuta haisomi ukurasa kama mtu. Inachofanya ni kuhesabu nukta. Kwanza inaamua nukta ipi ni nyeusi na ipi ni nyeupe, kisha inapima nukta nyeusi zimechukua asilimia ngapi ya ukurasa wote. Ukurasa ukiwa chini ya kiwango kilichowekwa, unaitwa mtupu na kutupwa. Mkopo wa mkulima unaweza kupotelea katika kiwango hicho.

Hebu tupige hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7, yaani eneo la sentimita za mraba 624 hivi. Dole gumba la mdhamini asiyejua kuandika huchukua kama sentimita za mraba 3, na kwa kuwa alama ya kidole ni mistari yenye nafasi katikati, wino wenyewe ni kama nusu yake, 1.5. Hiyo ni asilimia 0.24 ya ukurasa. Sahihi ya kalamu yenye mstari wa sentimita 15 na unene wa nusu milimita ni sentimita ya mraba 0.75, sawa na asilimia 0.12. Mtu akisema, "Ukurasa wenye wino chini ya asilimia moja ni mtupu", maneno yanayoonekana ya busara kabisa, atakuwa ametupa dole gumba na sahihi pamoja.

Kwa upande mwingine, uchafu nao una uzito. Matundu mawili ya faili, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 6, yana eneo la sentimita ya mraba 0.57, nayo huonekana meusi kwenye skana zenye mgongo mweusi. Kwa kompyuta, matundu mawili yanakaribia kabisa sahihi ya mtu. Dawa yake ni kutohesabu kingo za ukurasa. Tundu la kawaida linaishia milimita 15 kutoka ukingoni, kwa hiyo ukiacha sentimita 2 kila upande unayaondoa matundu, vivuli vya pembeni na alama za pini kwa mkupuo mmoja. Eneo linalobaki ni sentimita za mraba 437, na ndani yake sahihi ile inakuwa asilimia 0.17 na dole gumba asilimia 0.34. Sharti lake ni kwamba asiwepo aliyetia sahihi pembeni kabisa. Karani awaonyeshe wadhamini mahali pa kuandika tangu mwanzo.

Programu nyingi za skana zina kitufe cha kazi hii. Katika NAPS2, ambayo ni ya bure, kinaitwa `Exclude blank pages` na kina viwango viwili, `White threshold` na `Coverage threshold`. Ni rahisi, lakini kwa nyaraka zenye sahihi mimi sikipendi, kwa sababu ukurasa unaochujwa hapo hauingii kabisa kwenye orodha na karani hapati nafasi ya kuutazama. Afadhali kuskani kila kitu, kisha kuchuja kutoka kwenye faili lililokamilika. Kwa kompyuta ya Linux au Mac yenye programu za bure za Poppler, ImageMagick na qpdf, fundi wa duka la fotokopi anaweza kupata hesabu ya kila ukurasa hivi:

```
pdftoppm -r 150 -gray -png fomu.pdf uk
for f in uk-*.png; do
  magick "$f" -shave 118x118 -threshold 70% \
    -format "%[fx:100*(1-mean)] %f\n" info:
done | sort -g > hesabu.txt
```

Mstari wa kwanza unageuza kila ukurasa kuwa picha. Namba 118 ndizo zile sentimita 2 za kingo, zikiwa nukta katika picha ya nukta 150 kwa inchi. Asilimia 70 ni mpaka wa weupe: kilicho hafifu kuliko hapo kinahesabiwa kuwa karatasi tu. Mwishoni tunapata orodha ya kurasa zote 360, kuanzia yenye wino mdogo hadi yenye wino mwingi. Hakuna kilichofutwa mpaka hapo.

Sasa karani asichague kiwango kwa kubahatisha. Aisome orodha kutoka juu na kutafuta pengo. Katika mfano wetu tuseme kurasa 124 ziko chini ya 0.03, hizo ni tupu bila ubishi. Kuanzia 0.03 hadi 0.6 kuna kurasa 15 zilizochanganyika. Baada ya hapo orodha inaruka hadi 1.4 na kuendelea, ambako ni fomu zenyewe na migongo yenye maelezo marefu ya wadhamini. Kazi ya jicho la mtu ni zile kurasa 15 tu, wala si 360. Akizifungua anakuta saba ni tupu kweli: sita zina kivuli cha mhuri uliopenya kutoka mbele, na moja ina kunjo. Nane zilizobaki ni za kuhifadhi: madole gumba manne, sahihi tatu, na maneno ya penseli yasemayo mkulima amelipa nusu ya deni la msimu uliopita.

Angalia hiyo ya penseli. Ilipata 0.09, wakati mmoja wa mihuri iliyopenya ulipata 0.12. Yaani ukurasa mtupu umeonekana kuwa na wino zaidi ya ukurasa wenye habari ya deni. Hakuna kiwango kinachoweza kutenganisha viwili hivyo, kwa kuwa penseli na wino uliopenya vyote ni kijivu hafifu. Ukishusha mpaka wa weupe ili mhuri usihesabiwe, penseli nayo inapotea. Ndiyo maana kundi la katikati haliepukiki, hata mashine iwe ya bei gani.

Karani atajuaje kwamba hakuna kilichoponyoka? Kwa hesabu ya mkono inayofanywa kabla ya skana kuwashwa. Anapopanga fomu anahesabu migongo iliyoandikwa, anapata 49, na anaandika kwenye daftari: 180 jumlisha 49 ni 229. Faili la mwisho lazima liwe na kurasa 229. Aliyetumia kile kiwango cha asilimia moja angepata 221, na upungufu wa nane ungeonekana papo hapo, si baada ya benki kurudisha fomu wakati mvua zimeshaanza na mbolea haijafika.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu kitu. Katika kuskani pande mbili, kurasa za namba witiri ni za mbele na za shufwa ni za nyuma. Fomu iliyojazwa haiwezi kuwa tupu mbele. Ukurasa wa 1, 3 au 57 ukijitokeza kwenye kundi la tupu, basi karatasi hiyo ililishwa kinyume. Hapo ni kusimama na kurudia.

Aidha, tazama hali ya kioo cha skana. Mashine nyingi za pande mbili zina jicho la pili kwa ajili ya mgongo wa karatasi, na chembe moja ya vumbi juu ya kioo chake huchora mstari mrefu kwenye kila mgongo. Mstari wa unene wa milimita 0.3 unaoshuka ukurasa mzima unafikia asilimia 0.18, sawa na sahihi ya mtu. Dalili yake ni rahisi: kurasa tupu zote zinapanda kwa kiasi kilekile kwenye orodha na pengo linatoweka. Futa kioo kwa kitambaa laini, uskani upya. Karatasi za daftari zenye mistari, na nakala za rangi kutoka vitabu vya risiti, nazo zinavuruga hesabu. Hizo zipitishwe peke yake na zipewe pengo lake.

Kundi la katikati likishachambuliwa, karani anaandika namba za kurasa za kubaki na kuzitoa kwenye faili la awali, si kwenye zile picha za kuhesabia. Kisha anaunganisha na barua ya chama na orodha ya majina. Kwa kifupi, zikiwa ni kurasa chache, amri zake ni hizi:

```
qpdf fomu.pdf --pages . 1,3-5,7,9-11 -- safi.pdf
qpdf --empty --pages barua.pdf safi.pdf majina.pdf -- maombi.pdf
```

Wenye skana ya upande mmoja wana tahadhari yao. Wao hupitisha mbele zote kwanza, kisha hugeuza rundo na kupitisha nyuma, ambazo hutoka kuanzia ya mwisho. Mafaili hayo mawili yapangwe kwanza kuwa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Katika NAPS2 kazi hiyo hufanywa na `Alternate Interleave`. Kuondoa tupu kunafuata baadaye. Aliyeanza kwa kuondoa tupu kwenye rundo la nyuma atabaki na migongo 49 isiyojulikana ni ya nani, na dole gumba la mdhamini wa mkulima mmoja litaangukia nyuma ya fomu ya mwingine. Hesabu ya 229 itatimia vilevile, kwa hiyo kosa hilo haligunduliki kwa kuhesabu. Linagunduliwa kwa kufungua fomu tatu au nne zenye mdhamini na kulinganisha na karatasi zenyewe, ambazo pamoja na faili la kurasa 360 zinapaswa kubaki kabatini mpaka mkopo wa msimu huo ulipwe.