Ushahidi wa Ushairi wa Kijahiliya katika Kufasiri Neno "Takhawufi"

Neno takhawufi katika Suratun-Nahl, aya ya 47, lina mzizi mmoja na hofu, hivyo msomaji huelekea kulielewa kwa maana hiyo. Wafasiri husimulia kwamba Khalifa Umar aliliuliza hadharani, na mzee wa kabila la Hudhaili akajibu kuwa katika lugha yao ni kupunguza kidogo kidogo. Umar alitaka ushahidi wa ushairi. Mzee akasoma ubeti unaoeleza nundu ya ngamia iliyolika kwa tandiko. Hata hivyo, ubeti huo hunasibishwa na washairi mbalimbali, akiwemo Dhu-Rumma, aliyezaliwa baada ya Umar kufariki mwaka 644. Iwapo ni wake, unathibitisha maana ya neno, lakini hauthibitishi kisa chenyewe.