Kukaribia jibu kwa kalamu na karatasi

Tuchukue mlinganyo huu: y′ = x + y, pamoja na sharti kwamba x ikiwa 0, y ni 1. Alama y′ ni kasi ya kubadilika kwa y. Kwa hiyo tumeambiwa y inaanzia wapi, na kila mahali inapofika inabadilika kwa kasi gani. Kinachotafutwa ni fomula ya y yenyewe.

Ukiijua kasi, unarudi kwenye y kwa kutafuta intigrali, yaani kulimbikiza mabadiliko yote madogo kuanzia 0 hadi x. Hapa ndipo pana kikwazo: ndani ya kasi imo y, ambayo bado hatuijui. Mfaransa Émile Picard, katika kazi aliyoitoa mwaka 1890, alionyesha jinsi ya kukivuka. Kisia y, itie kwenye kasi, tafuta intigrali, kisha ongeza thamani ya mwanzo, ambayo hapa ni 1. Utakachopata ni kisio jipya. Lirudishe kwenye kasi, uanze tena.

Kisio la kwanza liwe rahisi kabisa: y ni 1 kila mahali. Kasi inakuwa x + 1. Kanuni ya intigrali inayotosha hapa ni moja tu: ongeza 1 kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo hicho kipya. Tunapata:

y₁ = 1 + x + x²/2

Sasa kasi ni x + y₁, yaani 1 + 2x + x²/2. Intigrali yake, ikiongezwa 1, inatoa:

y₂ = 1 + x + x² + x³/6

Na mara ya tatu:

y₃ = 1 + x + x² + x³/3 + x⁴/24

Zitazame kwa makini. Katika y₁, x²/2 ilikuwa pungufu. Y₂ imeirekebisha kuwa x², na tangu hapo haiguswi tena. Vivyo hivyo x³/6 imekuwa x³/3 na kutulia. Kila hatua inathibitisha kijisehemu kimoja zaidi na kuacha kimoja tu, cha mwisho, ambacho bado hakijakamilika. Hii ndiyo sababu napenda hesabu hii ifanywe kwa mkono: usahihi unauona ukijengeka kutoka kushoto kwenda kulia.

Tabia hiyo pia hufichua kosa linalotokea mara nyingi, la kuongeza intigrali juu ya kisio lililopita badala ya kuiongeza kwenye 1. Ukifanya hivyo, y₂ itaanza na 1 + 2x. Kijisehemu cha x kilichokwisha kutulia kimeondoka mahali pake, nawe unajua hapohapo kwamba umekosea.

Jibu kamili la mlinganyo huu linajulikana: y = 2eˣ − x − 1. Pale x ilipo 0.5, thamani yake ni 1.7974. Makisio yetu matatu yanatoa 1.6250, 1.7708 na 1.7943, na la nne hufika 1.7971.

Lakini tungejuaje kwamba yanakaribiana kama jibu lisingejulikana? Tungepima pengo kati ya kisio na lile lililolitangulia. Kutoka y₁ hadi y₂ pengo ni x²/2 + x³/6. Kutoka y₂ hadi y₃ ni x³/6 + x⁴/24. Vigawanyo 2, 6, 24 vinatokana na kuzidisha 1 × 2 × 3 × 4 na kuendelea, na mwishowe huvishinda vipeo vya x, hata x iwe kubwa kiasi gani. Neno “mwishowe” lina uzito wake. Pale x ilipo 3, mapengo ni 7.5, kisha 9, kisha 7.875, kisha 5.4. Yanapanuka kwanza ndipo yanaanza kufinyika, kwa hiyo anayekata tamaa katika hatua ya pili anakata tamaa mapema mno.

Si kila mlinganyo una upole huo. Chukua y′ = y², pia kuanzia 1. Makisio ni 1 + x, kisha 1 + x + x² + x³/3. Pale x ilipo 1, thamani zinakwenda 1, 2, 3.33, 5.13, na mapengo yanazidi kupanuka. Safari hii hayatafinyika, kwa kuwa jibu la kweli ni 1/(1 − x), na pale x ilipo 1 halina thamani yoyote. Katika mlinganyo wa kwanza, kosa la 0.1 kwenye y lilileta kosa la 0.1 hiyohiyo kwenye kasi. Kwenye y², y ikiwa 10, kosa hilo huikosesha kasi kwa takribani 2, na y ikizidi kukua kosa nalo huzidi. Ndiyo maana nadharia ya Picard, kwa milinganyo ya aina hii, huahidi jibu karibu na mahali pa kuanzia tu.